Jedwali la madeni ya nyumbani: lipi lianze kulipwa, na lipi litaisha mwezi gani

Mwishoni mwa Desemba jirani yangu alikuja kwangu na mfuko wa Rambo. Ndani mlikuwa na daftari la duka, kitabu cha VICOBA, karatasi ya marejesho ya SACCOS ya mumewe, na kipande cha boksi la sigara ambacho mkopeshaji wa mtaani alikuwa ameandika tarehe na tarakimu tu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA hapa Temeke, kwa hiyo watu huniletea karatasi kama wengine wanavyopelekewa nguo za kushona.

"Dada, kinachoninyima usingizi ni hii ya SACCOS," akaniambia. "Milioni moja na laki nane. Hata nikilipa, naona haishuki."

Nilimwomba kalamu nikachora mistari. Tulipofika mwisho wa ukurasa, SACCOS ndiyo ilikuwa deni la kumwacha alale. Lililokuwa likimkausha ni lile la kwenye kipande cha boksi. Nitaonyesha jinsi tulivyofika hapo kwa tarakimu zake mwenyewe, kwa ruhusa yake, ili na wewe uchukue daftari uweke zako.

Hatua ya kwanza: uliza salio la leo

Watu wengi huandika kiasi walichokopa. Jedwali halitaki hicho, linataka unachodaiwa leo. Mpigie kila anayekudai au mtembelee, na umuulize swali moja kwa maneno haya haya: "Nikikuletea hela yote leo nikamaliza, nikupe shilingi ngapi?" Andika jibu na tarehe.

Swali hili linafanya kazi mbili. Kwanza linakupa salio la kweli, pamoja na faini zilizojificha. Pili, linakufichulia aina ya riba, na hapo ndipo wengi wanapokosea jedwali lote. Nitakuja huko sasa hivi.

Majibu ya jirani yangu yalikuwa haya. Duka la Mangi, 90,000. VICOBA, 300,000. Mkopeshaji wa mtaani, 500,000. SACCOS, 1,800,000. Jumla 2,690,000.

Hatua ya pili: geuza riba zote ziwe za mwezi mmoja

Huwezi kupanga foleni kama huyu anasema riba kwa mwaka, yule kwa wiki mbili na mwingine kwa mkopo mzima. Zote zije kwenye mwezi.

SACCOS yao inatoza 18% kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Gawanya kwa 12, unapata 1.5% kwa mwezi. VICOBA katiba yetu inasema 5% kwa mwezi, kwenye salio lililobaki. Mangi hatozi riba, anachotaka ni hela yake na heshima. Yule wa mtaani ni 20% kwa mwezi, na wala hasemi "asilimia ishirini", anasema "laki moja kila mwezi mpaka utakapoleta laki tano yangu kwa mkupuo". Gawanya 100,000 kwa 500,000, ndiyo hiyo.

Mikopo ya simu nayo ina namna yake ya kujificha. Inaitwa ada badala ya riba, na muda wake ni mfupi. Ada ya 10% kwa siku 14 si 10% kwa mwezi. Kumi gawanya kwa 14, zidisha kwa 30, inapita 21%. Ukiwa na mkopo wa namna hiyo, nafasi yake ni pale pale alipokaa mkopeshaji wa mtaani.

Sasa riba ya flati. Hapa inahesabiwa riba kwenye kiasi ulichokopa mwanzoni, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama umebakiwa na deni kidogo. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 10, flati ya 2%. Riba ni 20,000 mara 10, yaani 200,000, na rejesho ni 120,000 kila mwezi. Linasikika kama jambo dogo. Lakini mwezi wa tisa deni lako la msingi limebaki 200,000 na bado unatozwa 20,000 ile ile. Ukitaka kujua inalingana na riba gani ya salio linalopungua, fungua Excel au Google Sheets uandike:

```
=RATE(10,-120000,1000000)
```

Jibu ni 3.46%. Kwa hiyo mtu anayekwambia 2% ya flati na mwingine anayekwambia 3% ya salio linalopungua, wa pili ndiye mwenye bei nafuu.

Hesabu hiyo ni ya kutumia kabla ya kukopa. Ukishakopa, swali linageuka: nikilipa haraka, nitasamehewa riba ya miezi iliyobaki? Ndiyo maana nilitaka uulize kiasi cha kumaliza leo. Kama umebakiza marejesho matano ya 120,000 na anakujibu "lete laki sita", basi riba yote imeshafungwa ndani na haraka yako haikuokolei hata shilingi. Mkopo wa namna hiyo uandike kwenye jedwali salio 600,000 na riba sifuri, hata kama mkataba una riba kubwa. Lipa rejesho lake kwa wakati ukwepe faini, na hela ya ziada ipeleke kwingine. Akikujibu pungufu ya laki sita, msamaha upo. Hapo andika kiasi hicho kama salio, na riba ukaitafute kwa `RATE` ile ile: miezi iliyobaki, rejesho, na kiasi alichokutajia.

Nimeona watu wanajinyima miezi mitatu kulipa mkopo wa flati mapema, wanashangilia, kumbe wamelipa kile kile wangelipa wakienda taratibu, huku deni la mtaani likizaa pembeni.

Hatua ya tatu: rejesho la lazima, na bajeti ya mwezi

Kila deni lina kiasi ambacho ukishuka chini yake unaingia kwenye faini, ugomvi au aibu ya kikao. Kiandike. Kwa jirani yangu: Mangi alikubali 15,000 kwa mwezi, VICOBA 45,000, SACCOS 105,000, na yule wa mtaani 100,000 ambayo ni riba tupu. Jumla ya lazima 265,000.

Halafu mkae na mwenzio mkubaliane kiasi cha madeni kwa mwezi, baada ya chakula, kodi na nauli. Shemeji alikuwa anadhani wanaweza 450,000. Nikamwomba ataje miezi mitatu iliyopita walitoa ngapi hasa. Tukashuka mpaka 360,000. Afadhali tarakimu ndogo inayotimia kuliko kubwa ya kwenye karatasi, maana jedwali zima linategemea kwamba kiasi hiki hakipungui hata deni moja likiisha. Deni likiisha, rejesho lake halirudi jikoni, linahamia kwa deni linalofuata.

Ukiona lazima peke yake inazidi bajeti, simama hapo. Hakuna foleni itakayokusaidia. Kinachotakiwa ni mazungumzo na anayekudai, au kuuza kitu, na kisha uanze upya.

Hatua ya nne: panga foleni mara mbili

Hili ndilo jedwali lenyewe la mwanzo. Safu ninayoipenda ni ya riba ya mwezi kwa shilingi, ambayo ni salio mara riba.

| Deni | Salio | Riba kwa mwezi | Riba kwa shilingi | Lazima | Nafasi kwa salio | Nafasi kwa riba |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Duka | 90,000 | 0% | 0 | 15,000 | 1 | 4 |
| VICOBA | 300,000 | 5% | 15,000 | 45,000 | 2 | 2 |
| Mtaani | 500,000 | 20% | 100,000 | 100,000 | 3 | 1 |
| SACCOS | 1,800,000 | 1.5% | 27,000 | 105,000 | 4 | 3 |

Jirani yangu aliiangalia safu ya nne kwa muda. SACCOS, milioni na laki nane, inakula 27,000. Ile laki tano inakula laki. Amelipa miezi mitano, kuanzia Agosti, laki kila mwezi. Ametoa 500,000 na bado anadaiwa 500,000. Alikuwa anajua kila tarakimu hizi, ila hakuwahi kuziona zimekaa mstari mmoja.

Foleni ya salio inaanza na deni dogo: duka, VICOBA, mtaani, SACCOS. Faida yake ni kwamba majina yanafutika upesi. Foleni ya riba inaanza na lenye riba kubwa: mtaani, VICOBA, SACCOS, duka. Faida yake ni hela. Usichague bado. Kokotoa zote mbili uone zinaachana kwa kiasi gani, maana kwa familia nyingine zinaachana kwa shilingi elfu chache na hakuna haja ya kubishana.

Hatua ya tano: tembea mwezi kwa mwezi

Kanuni ya kila mwezi ni moja. Ongeza riba kwenye salio la mwezi uliopita, kisha toa malipo. Madeni yote yanapata lazima yao. Kinachobaki kwenye 360,000 kinakwenda kwa aliye mbele ya foleni.

Tuanze na foleni ya riba. Duka, VICOBA na SACCOS wanachukua 165,000 za lazima, kwa hiyo wa mtaani anapata 195,000. Januari: 500,000 inazaa 100,000 inakuwa 600,000, toa 195,000, inabaki 405,000. Februari: 405,000 inazaa 81,000 inakuwa 486,000, toa 195,000, inabaki 291,000. Angalia riba ilivyoshuka kutoka 100,000 kwenda 81,000. Machi inafika 154,200. Aprili inadaiwa 185,040 pamoja na riba, inalipwa yote, na 9,960 iliyobaki inaingia VICOBA siku hiyo hiyo.

Mei, VICOBA ndiye wa mbele. Anadaiwa 168,773, na sasa kuna 240,000 kwa ajili yake, kwa hiyo anaisha na 71,227 inakwenda SACCOS. Juni Mangi anapokea 15,000 yake ya mwisho. Kuanzia Julai SACCOS inapata 360,000 nzima.

| Mwisho wa mwezi | Mtaani | VICOBA | SACCOS | Duka |
|---|---|---|---|---|
| Januari | 405,000 | 270,000 | 1,722,000 | 75,000 |
| Februari | 291,000 | 238,500 | 1,642,830 | 60,000 |
| Machi | 154,200 | 205,425 | 1,562,472 | 45,000 |
| Aprili | 0 | 160,736 | 1,480,910 | 30,000 |
| Mei | | 0 | 1,326,896 | 15,000 |
| Juni | | | 1,001,800 | 0 |
| Julai | | | 656,827 | |
| Agosti | | | 306,679 | |
| Septemba | | | 0 | |

Foleni ya salio nayo tuliitembeza vivyo hivyo. Duka linaisha Januari, VICOBA Machi, wa mtaani Juni, SACCOS Oktoba. Riba yote kwa foleni ya riba ni kama 501,300. Kwa foleni ya salio ni kama 686,600. Tofauti ni 185,300, na mwezi mmoja.

Hatua ya sita: pima bei ya moyo wako

Hapa jirani yangu akakataa. Si mahesabu, aliyaelewa. "Dada, Mangi napita mbele yake kila asubuhi. Miezi sita nipite nadaiwa elfu tisini?"

Ni hoja ya kweli, na kitabu cha hesabu hakina haki ya kuicheka. Ila jedwali linaweza kuipa bei. Tukajaribu foleni ya tatu: Mangi kwanza, amalizwe Januari yote, halafu twende kwa riba. Wa mtaani anaisha Mei badala ya Aprili. VICOBA inabakiza shilingi elfu mbili na kitu zinazovuka Mei, inaisha Juni. SACCOS inamalizika Oktoba, ikidai kama 13,900 tu mwezi huo. Riba yote inakuwa karibu 563,900.

Kwa hiyo kupita mbele ya duka ukiwa umenyoosha shingo kunagharimu 62,600. Nikamwambia achague. Akafikiri, akaenda kwa Mangi, akamwonyesha daftari lenye neno Juni limezungushiwa duara. Mangi akasema kama tarehe ipo hana neno, mradi elfu kumi na tano asiikose. Akachagua foleni ya riba.

Sisemi kila mtu angechagua hivyo. Kama tofauti ingekuwa elfu kumi, mimi mwenyewe ningemaliza kwa Mangi kwanza.

Hatua ya saba: liweke kwenye simu au kompyuta

Daftari linatosha kwa mtu mwenye madeni mawili. Yakifika manne, na ukataka kubadilisha bajeti uone kinachotokea, tumia Excel au Google Sheets. Safu ya A ni miezi kuanzia mstari wa 5. B, D, F na H ni malipo ya deni la kwanza mpaka la nne kwa mpangilio wa foleni yako. C, E, G na I ni masalio yake. Juu ya kila safu ya salio weka jina la deni mstari wa 1, riba ya mwezi mstari wa 2, lazima mstari wa 3, na salio la kuanzia mstari wa 4. Bajeti ya kila mwezi ikae safu ya J, kuanzia J5.

Kwenye B5, D5, F5 na H5 andika:

```
=MIN(C4*(1+C$2),$J5-MIN(E$3,E4*(1+E$2))-MIN(G$3,G4*(1+G$2))-MIN(I$3,I4*(1+I$2)))
=MIN(E4*(1+E$2),$J5-B5-MIN(G$3,G4*(1+G$2))-MIN(I$3,I4*(1+I$2)))
=MIN(G4*(1+G$2),$J5-B5-D5-MIN(I$3,I4*(1+I$2)))
=MIN(I4*(1+I$2),$J5-B5-D5-F5)
```

Kwenye C5 andika salio, na fanya vivyo hivyo kwa E5, G5 na I5 kwa herufi zake:

```
=C4*(1+C$2)-B5
```

Kisha chagua B5 mpaka J5 uburute chini mpaka mstari wa 40. `MIN` ya mwanzo inazuia usilipe zaidi ya unachodaiwa, na zile za ndani zinatenga lazima za wengine kabla wa mbele hajala. Mwezi wa kumaliza deni la kwanza unapatikana kwa:

```
=INDEX(A5:A40,COUNTIF(C5:C40,">=1")+1)
```

Inahesabu miezi ambayo salio bado lina angalau shilingi moja, kisha inataja mwezi unaofuata. Nimeweka shilingi moja badala ya sifuri kwa sababu kompyuta hubakiza vipande vya senti ambavyo macho hayavioni. Kama badala ya mwezi inatoa kosa, maana yake deni hilo haliishi ndani ya mistari uliyoweka. Ama ongeza mistari, ama bajeti yako haifikii.

Kubadilisha foleni, badilisha nafasi za madeni kwenye mistari ya 1 hadi 4. Fomula usiziguse. Na utajua umeandika sawa kwa kujumlisha B5, D5, F5 na H5: lazima iwe sawa na J5 kila mwezi, isipokuwa mwezi wa mwisho na mistari inayoufuata.

Yanayoharibika njiani

Kubwa ni mwezi mbovu. Mtoto anaumwa, kazi inakosekana, mnapata 200,000 badala ya 360,000. Nilimwonyesha jirani yangu kwa kubadilisha tarakimu moja kwenye safu ya J. Mwezi mbovu ukiwa Julai, wakati imebaki SACCOS peke yake, mwisho unasogea Oktoba na riba inaongezeka kama 6,600. Mwezi mbovu ule ule ukiwa Februari, wa mtaani anapata 35,000 tu, ambayo haifiki hata riba yake, na inayobaki inaingia kwenye deni. Anaisha Juni badala ya Aprili, na mwisho wa safari mmelipa riba zaidi kwa kama 154,000. Pengo ni lile lile la 160,000. Kwa hiyo kama mna kitu cha kuuza au mchezo unaoweza kuupokea mapema, uingie miezi ya mwanzo. Usiuweke akiba kwa ajili ya Septemba.

La pili ni salio la karatasi kuachana na salio la mdai. Kila mwisho wa mwezi uliza tena, na ukikuta tofauti andika lake kwenye jedwali kisha utafute sababu. Mara nyingi ni faini, au rejesho la SACCOS lililokatwa kwenye mshahara likachelewa kuingizwa. Tofauti ikijirudia kila mwezi kwa kiasi kile kile, riba uliyoandika si yenyewe.

La tatu ni mkopo mpya kuingia katikati. Usiufiche chini ya godoro. Ongeza safu, na uone mwezi wa kumaliza unaruka mpaka wapi kabla hujaweka sahihi.

Na kuhusu wakopeshaji wa 20%. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi kwa kundi hilo. Kuuliza leseni ni haki yako. Jirani yangu hakutaka vita, kwa sababu yule mtu alikuwa ameshika kadi ya benki ya mumewe kama dhamana. Nikamshauri basi, kila anapolipa apate maandishi yenye tarehe, kiasi, na salio lililobaki, hata kama ni ujumbe wa simu. La muhimu zaidi, amtake akubali kupokea sehemu ya deni la msingi, maana wengi wao hupenda ulipe riba tu na laki tano isubiri mkupuo. Akikataa, zile 95,000 za ziada usimpe. Dunduliza pembeni mpaka zifike mkupuo, na ujue kwamba Aprili haipo tena, kwa sababu riba haitashuka kutoka 100,000 mpaka siku ya kumaliza.

Wa kwake alikubali, kwa kunung'unika. Mwisho wa Aprili walikwenda mke na mume na 185,040 kwenye bahasha. Yule mkopeshaji akahesabu, akasema waongeze iwe laki mbili "tufunge hesabu vizuri". Jirani yangu akafungua daftari, akamsomea meseji zake mwenyewe: Januari limebaki 405,000, Februari 291,000, Machi 154,200. Akamuuliza hiyo nyingine ni ya mwezi upi. Jamaa akaingia ndani, akatoka na kadi ya benki.

Jioni alipita kwangu na 9,960 ya VICOBA, nikamwandikia kwenye kitabu.